Tundu la ARC na Kifaa Kinachostahili Kukaa Humo

Saundiba mpya inayowaka taa lakini haitoi sauti mara nyingi haina ubovu wowote. Waya wake umechomekwa kwenye tundu lisilo lake. Nyuma ya runinga nyingi za leo kuna matundu mawili hadi manne ya HDMI. Yana umbo moja na yanapokea waya uleule, kwa hiyo ni rahisi kuamini kwamba yanafanya kazi moja. Lakini mojawapo, na kwa kawaida ni moja tu, limeandikwa ARC au eARC kando ya namba yake. Hilo ndilo pekee linaloweza kutoa sauti nje ya runinga kwa waya wa HDMI. Mengine yanapokea tu.

Tofauti hiyo inaeleweka vizuri mtu akifuata safari ya sauti. King'amuzi kikichomekwa kwenye HDMI 1 kinapeleka picha na sauti ndani ya runinga, na runinga inaonyesha picha na kutoa sauti kwenye spika zake ndogo za nyuma au za chini. Hapo safari imeisha. Sasa mwenye nyumba ananunua saundiba kwa sababu spika za runinga ni hafifu. Sauti iliyokwisha kuingia kwenye runinga inatakiwa itoke tena, iende kwenye saundiba. Vilevile kuna sauti inayozaliwa ndani ya runinga yenyewe: chaneli zinazonaswa kwa antena, YouTube na Netflix za runinga janja, filamu iliyo kwenye flashi. Sauti hizo hazikuletwa na kifaa chochote cha nje, kwa hiyo hakuna pengine pa kuzipata isipokuwa kwenye runinga.

Zamani njia ya kuzitoa ilikuwa waya wa pili: ama waya wa analogia wenye vichwa vyekundu na vyeupe, ama waya wa optiki, ule mwembamba ambao ncha yake inamulika mwanga mwekundu. Mwaka 2009 toleo la HDMI 1.4 liliondoa haja hiyo. Ndani ya kichwa cha HDMI kuna pini 19, na pini ya 14, ambayo kabla ya hapo ilikuwa imewekwa akiba, ilipewa kazi ya kurudisha sauti. Tangu wakati huo waya mmoja unaweza kuleta picha na sauti kwenye runinga huku ukirudisha sauti upande wa pili. ARC ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya njia ya kurudisha sauti, na ndivyo inavyofanya.

Kwa nini basi watengenezaji hawakuyapa matundu yote uwezo huo? Kwa sababu runinga inahitaji kutoa sauti mahali pamoja tu. Nyumba ina seti moja ya spika, na seti hiyo inatosha kupewa tundu moja.

Kutokana na hilo, swali la kuuliza kabla ya kuchomeka kifaa chochote ni moja: je, kifaa hiki kinaleta sauti kwenye runinga au kinaichukua? Kinachoichukua ndicho cha ARC. Katika kundi hilo kuna saundiba, amplifaya ya homu thieta yenye HDMI, na kisanduku kidogo cha kutenga sauti ambacho kitaelezwa baadaye. Vinavyoileta ni vingi zaidi: king'amuzi cha dishi au cha antena, deki ya DVD au Blu-ray, PlayStation na Xbox, kompyuta, na vile vijiti vya kuchomeka vinavyoigeuza runinga ya kawaida kuwa janja. Hivi vyote nafasi yake ni matundu mengine.

Hilo halina maana kwamba king'amuzi kikichomekwa kwenye ARC kitaungua au kitakataa. Tundu la ARC ni tundu kamili la kupokea, na picha itaonekana kama kawaida. Nyumba isiyo na saundiba inaweza kulitumia kwa lolote. Tatizo linaanza siku saundiba inapoingia: nafasi yake imekaliwa, anayeiunganisha anatafuta tundu lililo wazi, anachomeka kwenye HDMI 3, na hakuna kinachosikika. Wengi hapo hukata tamaa na kuunganisha kwa Bluetooth. Sauti inatoka, lakini mara nyingi inachelewa kidogo, na midomo ya msomaji wa taarifa ya habari inakwenda mbele ya maneno yake. Mtu anaishia kulipa fedha nzuri kwa spika na kupata sauti ya kusumbua, ilhali waya uliokuja kwenye boksi ungemaliza shida.

Hebu ichukuliwe sebule moja ya namna inayopatikana katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Runinga ina matundu matatu: HDMI 1, HDMI 2 lenye lebo ya ARC, na HDMI 3. Fundi aliyefunga dishi alikichomeka king'amuzi kwenye HDMI 2 kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na mkono wake. PlayStation ya watoto iko HDMI 3. Saundiba mpya imewekwa HDMI 1, nayo iko kimya.

Kazi inaanza kwa kuzima vyote kwenye soketi ya ukutani, si kwa rimoti. King'amuzi kinahamishwa kwenda HDMI 1. PlayStation inabaki ilipo. Waya wa saundiba unapelekwa HDMI 2, na hapa ndipo kuna mtego wa pili ambao watu wachache huambiwa: upande wa saundiba nao una mambo yake. Saundiba yenye tundu moja la HDMI haina utata, kwani kwa kawaida limeandikwa TV ARC au HDMI OUT. Yenye matundu mawili ina moja la HDMI IN na jingine la HDMI OUT. Waya wa kwenda kwenye runinga lazima ukae kwenye HDMI OUT, hata kama akili inasema kwamba sauti inaingia kwenye saundiba na kwa hiyo ingefaa IN. Majina hayo yamefuata mwelekeo wa picha. Picha hutoka kwenye saundiba kwenda kwenye runinga, na sauti ya ARC hurudi kinyume chake kupitia tundu hilohilo.

Umeme unarudishwa, runinga inawashwa kwanza, kisha saundiba. Mara nyingi sauti inatoka hapohapo. Isipotoka, kuna mambo mawili ya kukagua kwenye menyu ya runinga. La kwanza ni CEC, mfumo unaoviwezesha vifaa vya HDMI kupeana amri. ARC ya kawaida huutegemea ili runinga na saundiba zitambuane. Kila kampuni imeupa jina lake, na hilo ndilo linalowapoteza watu: kwenye Samsung unaitwa Anynet+, kwenye LG ni SimpLink, kwenye Sony ni Bravia Sync, kwenye Panasonic ni Viera Link, na kwenye Philips ni EasyLink. Runinga nyingine huandika HDMI-CEC waziwazi. Uwe umewashwa kwenye runinga, na kama saundiba ina menyu yake, uwashwe huko pia.

Jambo la pili ni sehemu ya sauti kwenye menyu, inayoandikwa Sound Output au Audio Output. Pengine runinga bado imeelekezwa kwenye spika zake za ndani. Ichaguliwe ile yenye neno ARC, au yenye maneno kama Receiver au Audio System kwa runinga zinazotumia majina hayo.

Jaribio la kuthibitisha ni jepesi. Mtu achukue rimoti ya runinga, si ya saundiba, abonyeze kitufe cha kuongeza sauti. Saundiba ikipanda, na kioo chake kidogo kikionyesha namba zikisogea, basi ARC na CEC zote zinafanya kazi. Waya wa optiki hauna uwezo huo kwa sababu haupitishi amri za CEC, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuchagua ARC hata pale ambapo ubora wa sauti unalingana.

Bado kuna hali moja inayochanganya hata mafundi: YouTube ya runinga inasikika vizuri kwenye saundiba, lakini king'amuzi au filamu ya kwenye flashi iko kimya. Hapo waya hauna kosa na tundu ni sahihi. Kosa liko kwenye namna sauti ilivyofungashwa. YouTube kwa kawaida hutoa sauti ya njia mbili, kulia na kushoto, ambayo kila spika inaielewa. Filamu huweza kuja na sauti ya spika sita iliyobanwa kwa Dolby au DTS, na saundiba ya bei ya chini huenda haina uwezo wa kuifungua mojawapo. Dawa iko kwenye menyu ya Digital Audio Output. Ikiwekwa PCM, runinga inayoielewa sauti hiyo inaifungua yenyewe na kutuma ya njia mbili iliyo tayari, na karibu kila kifaa kitaipokea. Ikiwekwa Auto, Bitstream au Passthrough, sauti inatumwa ikiwa bado imefungwa, na saundiba ndiyo inayoifungua.

Ushauri wenye busara ni kuanza na PCM hadi kila chanzo kisikike, halafu kujaribu Auto. Mwenye saundiba ya njia mbili tu hana anachopoteza kwa kubaki kwenye PCM. Mwenye homu thieta ya spika tano na sabufa, akibaki kwenye PCM kupitia ARC ya kawaida, atakuwa na spika za nyuma zisizopata sauti yake halisi, kwa sababu ARC haina nafasi ya kubeba njia sita zisizobanwa. Inabeba kiasi kinachokaribia kile ambacho waya wa optiki unabeba: sauti ya njia mbili isiyobanwa, au ya njia sita iliyobanwa.

PlayStation inaathiriwa moja kwa moja na kikomo hicho. PS5 ikiachwa itoe Linear PCM, hata ikituma njia nyingi kwenye runinga, ARC itapitisha mbili tu. Suluhisho liko ndani ya mashine yenyewe: Settings, kisha Sound, kisha Audio Output, kisha Audio Format (Priority), na hapo kuchagua Bitstream (Dolby). Mashine inabana sauti kabla ya kuituma, na iwapo runinga imewekwa kupitisha sauti bila kuigusa, spika za nyuma zitaamka.

Kikomo hicho ndicho kilichozaa eARC, iliyokuja na HDMI 2.1 mwaka 2017. Inabeba hadi megabiti 37 kwa sekunde, na hizo zinatosha njia nane zisizobanwa pamoja na miundo mikubwa ya diski za Blu-ray kama Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio. Ina pia njia yake ya vifaa kutambuana bila kuitegemea CEC, na inalazimisha vifaa kurekebishana ili sauti na midomo viende pamoja. Lakini pande zote mbili lazima ziwe na eARC. Runinga ya eARC ikiunganishwa na saundiba ya ARC itafanya kazi kwa kiwango cha ARC, na hiyo haitaharibu chochote. Kwa nyumba inayotazama ving'amuzi na YouTube, ARC inatosha kabisa, na si haki kumsukuma mnunuzi aongeze fedha kwa ajili ya herufi moja. Anayenunua diski za Blu-ray na kumiliki homu thieta kamili ndiye atakayeisikia tofauti.

Waya nao unastahili neno. Kwa ARC, waya wa kawaida wa HDMI wenye hali nzuri hutosha, na ule uliokuja na saundiba ndio wa kuaminika zaidi. Waya wa zamani sana unaweza kuonyesha picha safi huku ukishindwa ARC, kwa sababu picha haipiti kwenye pini ya 14. Kwa hiyo picha nzuri si ushahidi kwamba waya ni mzima kwa kazi hii. Kwa eARC unahitajika waya wenye maandishi with Ethernet au Ultra High Speed. Kisanduku cha kuchagua vyanzo vya HDMI kisiwekwe katikati ya runinga na saundiba. Vingi vya aina hiyo havipitishi sauti inayorudi. Kama matundu hayatoshi, kisanduku kiwekwe upande wa vyanzo, yaani king'amuzi na deki vigawane HDMI 1, na ARC ibaki na waya wake wa moja kwa moja.

Katika maeneo ambako umeme hukatika na kurudi mara kwa mara, ARC huweza kupotea bila mtu kugusa kitu. Umeme ukirudi ghafla, vifaa vyote huamka kwa pamoja na kushindwa kutambuana. Runinga inarudi kwenye spika zake, na saundiba inasubiri. Kabla ya kuingia kwenye menyu au kumwita fundi, vyote vichomolewe ukutani kwa dakika mbili au tatu, kisha iwashwe runinga, na saundiba ifuate. Kuzima kwa rimoti hakusaidii, kwani kifaa kinabaki kimelala na kumbukumbu yake ya makosa.

Kuna pia wakati ambapo kifaa cha kuleta sauti kinaweza kupitia kwa saundiba badala ya kuchomekwa kwenye runinga. Saundiba ikiwa na HDMI IN, king'amuzi kinaweza kuchomekwa humo, kisha waya mmoja wa HDMI OUT ukaenda kwenye tundu la ARC. Picha inapita ndani ya saundiba, sauti inabaki humo, na sauti za runinga yenyewe zinarudi kwa ARC kama kawaida. Mpangilio huu unafaa sana kwa runinga yenye matundu mawili tu, na kwa runinga ambazo hupunguza sauti ya njia sita kuwa mbili pale inapoingia kwa matundu yake ya HDMI. Hasara yake ni kwamba saundiba lazima iwe imewaka, au iwe na uwezo wa kupitisha picha ikiwa imelala, ili king'amuzi kionekane. Nyingine ni kwamba saundiba nyingi haziwezi kupitisha picha za 4K kwa kasi ya 120Hz ambazo PS5 na Xbox Series X zinaweza kutoa. Kwa mashine hizo ni heri zichomekwe kwenye runinga.

Na hapo ndipo mgongano wa kweli unapojitokeza. Runinga nyingi zina matundu mawili tu yenye uwezo wa 4K 120Hz, na katika baadhi yake moja ya hayo mawili ndilo lenye eARC. Sony X90J ni mfano: HDMI 3 na HDMI 4 ndizo zenye kasi hiyo, na HDMI 3 ndiyo eARC. Mwenye PS5 na saundiba hana shida, kwa sababu mashine itakaa HDMI 4. Mwenye PS5, Xbox na saundiba ndiye atakayelazimika kuchagua, na chaguo bora ni kuiacha eARC kwa saundiba na kuipeleka mashine inayotumika kidogo kwenye tundu la kawaida, ambako itacheza kwa 60Hz. Runinga za LG za mfululizo wa C1 zimeepuka tatizo hilo kwa kuweka kasi kamili kwenye matundu yote manne. Anayenunua runinga kwa ajili ya gemu asome lebo za nyuma dukani kabla ya kulipa, maana jambo hili halirekebishiki nyumbani.

Limebaki kundi kubwa la watu wasio na saundiba bali wana sabufa, ile yenye boksi kubwa, spika mbili au zaidi na matundu ya mviringo mekundu na meupe. Sabufa hizo hazina HDMI, na madukani huuzwa kisanduku cha kugeuza HDMI kuwa AV ambacho wengi hukinunua wakitumaini kitatoa sauti ya runinga. Hakiwezi. Kimetengenezwa kupokea picha na sauti kutoka kwenye king'amuzi au deki, na kikichomekwa kwenye tundu la runinga hakipati chochote, hata likiwa tundu la ARC. Kinachofaa ni kisanduku kilichoandikwa ARC Audio Extractor, ambacho kinaongea lugha ya ARC na kutoa sauti kwa vichwa vyekundu na vyeupe. Digital Audio Output iwekwe PCM, la sivyo kisanduku kitapokea sauti iliyobanwa na kutoa ukimya au mkwaruzo.

Kabla ya kutoa fedha hata kwa hicho, inafaa kuangalia kama runinga ina tundu la hedifoni. Waya wenye kichwa cha hedifoni upande mmoja na vichwa viwili vya mviringo upande mwingine utapeleka sauti kwenye sabufa bila kisanduku chochote, na kwenye runinga nyingi kitufe cha sauti cha rimoti kitaendelea kufanya kazi. Kama hakuna tundu la hedifoni lakini kuna la optiki, kigeuzi cha optiki kwenda analogia kitafanya kazi hiyo, nacho pia kikihitaji PCM. Katika njia hizi mbili tundu la ARC linabaki huru, na hapo king'amuzi kinaweza kuchomekwa humo bila kumnyima mtu sauti.